Gari ya Mkia na Isiyo na Mkia

Siku ile kwenye yadi ya magari, Migori, tulikuwa binti yangu wa mwisho, mume wake, mtoto wao ambaye ni mjukuu wangu, muuzaji, na mimi. Majina yote ninayo, hata la baba ya muuzaji, lakini leo nayaacha.

Miguu ya mtoto haikunjiki. Kliniki yake iko Homa Bay, na akilazwa mimi ndiye hulala naye. Tulikuwa tumekosa kliniki kwa sababu matatu zilikataa kiti chake cha magurudumu. Daktari akasema tukiendelea kukosa, miguu itakauka hivyo hivyo.

Muuzaji alianza na gari ya mkia, ile buti yake ya mizigo imetokeza nyuma peke yake. Nilikaa nyuma na binti yangu, mtoto amelala juu ya magoti yetu, miguu imenyooka, na bado tulipumua. Tulipoijaribu kwa barabara ya mawe ilitulia, kiuno changu hakikulia. Lakini kiti cha mtoto kilikataa kuingia. Ile buti ni ndefu ndani, mdomo wake mfupi. Mkwe alikilaza, akakigeuza, magurudumu yakagonga kifuniko.

"Si mng'oe magurudumu," muuzaji akasema.

"Kila safari? Wewe ndiye utakuja kuyafunga mvua ikinyesha?" binti yangu akamuuliza.

Na bei ilikuwa juu. Watu wa teksi wanazipenda hizo, kwa hivyo hata ikizeeka haishuki sana.

Ile isiyo na mkia ilikuwa ya umri huo huo, na pesa yao iliitosha. Mlango wa nyuma uliinuka wote pamoja na kioo. Wakatoa ubao wa kufunikia mizigo, kiti kikasimama wima ndani. Ila iliruka kwa mawe kama mbuzi, na nyuma palikuwa pafupi. Mtoto na mamake walipajaza. Nafasi iliyobaki ilikuwa mbele, kando ya mkwe wangu.

Kwetu mkwe na mama mkwe hawakaribiani. Tangu amwoe binti yangu hatujawahi hata kusalimiana kwa mkono. Alizima gari, akashuka, akasimama mbali akiangalia chini.

"Mama, tuchukue ile ya kwanza. Nitatafuta pesa."

"Utatafuta mpaka lini?" mkewe akasema. "Miguu itangoja?"

"Dani, ingia," mtoto akaniita, maana kwa Kiluo dani ni nyanya. "Huku kuna joto."

Nilifikiria mama yangu, vile angefunika uso. Halafu nikafungua mlango wa mbele, nikaketi, nikageukia dirisha.

"Baba, endesha," nikamwambia mkwe.

Waliinunua, na siku ya kliniki tulienda hivyo. Mkwe aliangalia barabara, mimi dirisha. Tulipopita Asumbi aliniuliza kama upepo unaniumiza, nikamwambia hapana. Nadhani yeye ndiye aliyeanza kuongea. Kama ni mimi, binti yangu na mjukuu wangu, ninyi mliokuwa kiti cha nyuma, mnisahihishe, maana sikuwa naangalia kwake.