Malalamiko Yasiyo na Tusi

Alama zilipotoka, Estella alikuwa amekamata kichwa cha mteja, nusu kimesukwa, nusu kimesimama kama kimeona mzimu. Akachungulia simu kwenye mfuko wa aproni. Arobaini na sita. Chuo kilitaka hamsini ili mtu aruhusiwe kuingia kwenye mtihani, na asiyeingia anarudia mwaka mzima. Estella, Mrundi aliyekuwa akisuka mchana na kusoma biashara jioni huko Durban, hakuwa na mwaka mwingine wa kutupa.

Kazi ilikuwa ya watu watatu: yeye, Glody na Ladislas. Walitakiwa kuchunguza maduka madogo ya Umbilo Road. Glody alihoji wenye maduka. Estella aliandika. Ladislas alipewa sura ya gharama, akajibu kwenye grupu ya WhatsApp kwa neno moja, "Sharp", yaani sawa, kisha sura ya gharama ikabaki kichwa cha habari chenye ukurasa mweupe chini yake. Mwalimu akaona shimo, akawakata wote sawasawa, kama mvua isiyouliza nani ana mwavuli.

Ingekuwa Ladislas mwingine, mambo yangekuwa mepesi. Huyu alikuwa mtoto wa Maman Marie-Jeanne, mwenye saluni, mwenye kiti ambacho Estella alisukia. Maman Marie-Jeanne hakuwahi kupiga kelele. Akikasirika aliongea polepole zaidi, akakuita "mtoto yangu", na wasusi wakongwe wakaanza kukusanya vitana vyao taratibu. Msichana wa mwisho kuitwa "mtoto yangu" mara mbili kwa siku moja sasa alikuwa anafunga maboksi kiwandani Jacobs.

Hata hivyo Estella aliandika malalamiko. Yale ya kwanza yalikuwa matamu sana. Ladislas aliitwa kupe, mvivu wa kuzaliwa, na mtoto wa kuogeshwa mpaka leo. Glody alisoma akacheka mpaka akashika ukuta, akasema hapo Estella amepiga palepale.

Mwalimu, Bi Naicker, hakucheka. Alisoma mistari mitatu, akarudisha karatasi, akasema kwa upole kwamba yeye hasahihishi mioyo ya watu. Alitaka kujua nini kiligawanywa, nani alifanya nini na lini, kinaonekana wapi, na Estella anaomba nini. Zaidi ya hapo, nakala ingekwenda kwa Ladislas naye ajibu. Na kilichofika kwa Ladislas kingeweza kufika kwa mama yake.

Akaanza kukusanya ushahidi, na ushahidi ukamgeuka. Kazi yote waliiandika kwenye kompyuta moja, ile ya saluni iliyoko nyuma ya mashine ya kukaushia nywele, kwa sababu hakuna aliyekuwa na laptop. Pale kila mtu anakaa, anafungua, anaandika, anaondoka. Nani anahangaika kuingia kwa jina lake? Akaunti iliyokuwa wazi siku zote ilikuwa ya Ladislas. Estella alipofungua historia ya hati, kila sentensi aliyotoa jasho ilikuwa na jina la Ladislas pembeni. Kwa mujibu wa mashine, Ladislas alikuwa mfanyakazi hodari, na Estella hakuwahi kuzaliwa.

"Eish," alisema Glody, safari hii bila kicheko. "Huyu iko genius na mwenyewe hajui."

Kulibaki kitu kimoja. Jumamosi ile Estella aliyoandika mchana kutwa, Ladislas alituma picha kwenye grupu. Yuko katikati ya ukumbi wa harusi, mikono juu, amelowa jasho la dansi, nyuma yake bango lenye jina la ukumbi na neno Johannesburg. Chini ameandika: "Wekeni jina yangu, mimi niko busy." Mtu hawezi kucheza Johannesburg na kuandika Durban saa ileile.

Ila pembeni ya picha alikaa bwana harusi, na bwana harusi alikuwa Papa Anaclet, baba yake Ladislas, aliyemwacha Maman Marie-Jeanne na kuhamia huko kwa mwanamke mwingine. Jumamosi hiyo mama alikuwa amewaambia wateja, kifua mbele, kwamba mwanawe hayupo kwa sababu ya masomo.

Ladislas, aliyekwisha kusikia habari za malalamiko, alimfuata Estella kwenye ngazi za chuo. Hakuwa na dharau zake za kawaida.

"Dada Estella, andika yote unataka. Ile picha tu, hapana."

"Basi sema mwenyewe kwa mwalimu kwamba hukuandika."

Alitazama barabarani, ambako teksi zilikuwa zinapigiana honi. "Mama akiona, haitakuwa mimi peke yangu nitalia. Wewe unamjua."

Akashuka. Kwa mwalimu hakusema kitu.

Estella aliikata picha. Akamwondoa bwana harusi, akawaondoa mashangazi na keki, akabakiza Ladislas, bango na saa ya ujumbe. Wengine hawakuhusika na sura ya gharama. Halafu akaandika upya, na kila tusi lililokuja kwenye vidole alilirudisha lilikotoka:

"Tuligawana kazi kwa ujumbe wa grupu, na Ladislas alikubali sura ya gharama. Siku ya kukabidhi sura hiyo ilikuwa tupu. Historia ya hati inaonyesha jina lake kila mahali kwa sababu tulitumia kompyuta moja na akaunti yake ilikuwa wazi. Hilo ni kosa letu sote. Nimeambatisha picha aliyotuma akiwa Johannesburg saa ambazo sehemu kubwa iliandikwa Durban. Sijui sababu zake. Naomba kila mmoja aelezee sehemu yake mbele yako, na apimwe kwa hiyo."

Bi Naicker aliwaita wote watatu. Glody alitaja maduka na wenye maduka, mpaka majina ya watoto wao. Estella alieleza kila jedwali na kwa nini alilibadilisha. Ladislas aliulizwa tofauti ya kodi ya duka na gharama ya bidhaa, akaomba maji. Wiki haikuisha barua pepe ikafika: alama zimetenganishwa, Estella na Glody wamepita na wataingia mtihani. Ladislas amebaki na sifuri ya sura yake.

Asubuhi iliyofuata saluni ilikuwa kimya kupita kiasi. Redio imezimwa. Maman Marie-Jeanne alikuwa amekaa kwenye kiti cha Estella.

"Mtoto yangu," alisema, polepole. "Ladislas anasema umemwandika vibaya kule chuo. Leta nisome."

Vitana vilianza kukusanywa. Estella alimpa simu, maana kukataa kungekuwa kukiri. Mama alisoma akitafuta tusi. Alirudi mwanzo, akasoma tena, midomo ikitembea. Hakuna mvivu, hakuna kupe, hakuna mahali pa kumkamatia msichana huyu. Akapandisha mabega, karibu anacheka, akagusa picha ikajaa kioo.

Kidole chake kikasimama kwenye shati.

Nyuso Estella alikuwa amezikata. Shati la Ladislas hakuliwazia. Lilikuwa la kitenge cha kijani chenye mikia ya tausi, na kwao kitenge cha harusi hawavai watu baki. Hushonewa familia ya bwana harusi peke yake. Kipande cha kitenge hichohicho wifi wa zamani, dada yake Papa Anaclet, alimtumia Maman Marie-Jeanne mwezi uliopita, kimekunjwa vizuri kwenye bahasha, bila neno.

Maman Marie-Jeanne alirudisha simu kwa mikono miwili.

"Umeandika vizuri," alisema. "Hakuna uongo hata moja." Akasimama, akafuta kiti kwa kiganja, akamwonyesha Estella akae. "Sasa pigia Ladislas, mtoto yangu. Mwambie mama anamwita. Usimwambie sababu."

Estella alibonyeza jina. Simu ikaita, na Maman Marie-Jeanne akaenda kushusha pazia la chuma la mlangoni, mpaka nusu.