Barua ya Fundi Nyongesa kwa Mama wa Bibi Harusi

Jumatatu hiyo Nyongesa hakuingia kibandani. Alisimama nje, hatua nne kutoka mlangoni, kiganja mdomoni, akamwita Linah kwa sauti ya mtu anayeita kutoka ng'ambo ya mto. Kwa miaka kumi na moja walikuwa wameshona bega kwa bega mjini Nakuru, yeye na huyo mama mwenye ulimi mwepesi, cherehani mbili zikitazamana, wakigombania kiti chenye mto.

"Wewe mzee, umekuwa mgeni?" Linah alisema bila kuinua uso. "Ingia. Au unataka nikutandikie zulia?"

"Majibu yametoka. Ni TB."

Mguu wa Linah ukatulia kwenye kanyagio.

"Na wewe wanataka wakupime," Nyongesa akaendelea upesi. "Watu wote ninaokaa nao karibu. Ni bure. Uende kesho, Linah. Uniahidi."

Linah akasukuma kitambaa kando. Kisha akapangusa nyuzi mapajani. "Nitaenda. Nikikutwa nayo nitakuja kukohoa kwako, tukohoe pamoja kama kwaya." Hakucheka, wala Nyongesa hakucheka. "Na harusi ya binti ya mwalimu?"

Hilo ndilo lililokuwa limemkata maini njia nzima kutoka kliniki. Magauni manane. Sita ya wasimamizi wa bibi harusi, ya satini ya kijani. Mawili ya mama wa bibi harusi na mama wa bwana harusi, ya kitenge chenye bitana. Wasichana walikuwa waje kujaribisha Jumamosi, tarehe ishirini na mbili Novemba, na nguo zote zichukuliwe tarehe ishirini na tisa. Harusi ilikuwa Jumamosi iliyofuata, tarehe sita Desemba. Na daktari alikuwa amesema wiki mbili: asikae na watu chumba kimoja mpaka dawa ifanye kazi.

"Je, naweza kushona?" alikuwa ameuliza.

"Ukiwa peke yako, dirisha wazi, na ukichoka ulale," daktari alimjibu. "Ugonjwa huu unapita hewani, mzee, haupiti kwenye nguo. Lakini dawa usiruke hata siku moja. Miezi sita."

Linah alikuwa na ushauri wake, ule wa mafundi wote. "Mpigie simu. Sema stima ilipotea, hakuna umeme. Sema cherehani imevunjika. Wateja wamezoea. Nani amewahi kusikia fundi akiandika barua?"

Lakini Mama Jepleting, mama wa bibi harusi, alikuwa ameitaka barua tangu mwanzo. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi huko Olenguruone, mrefu, mkavu, anayesema polepole kama anayeandika ubaoni. Siku aliyoleta vitambaa alimwambia: "Fundi, neno la mdomo silishiki. Kamati ya harusi ina katibu, na katibu ana faili. Kukiwa na mabadiliko, niandikie."

Jumanne mtu wa mkokoteni aliihamisha cherehani mpaka mtaa wa Bondeni, kwenye nyumba ya kupanga ya kaunsili ya mji ambamo Nyongesa alizaliwa, ambamo sasa aliishi peke yake, na ambamo baba yake, aliyekuwa mfanyakazi wa reli kama babu, alikohoa mwaka mzima nyuma ya pazia mpaka pazia likatulia. Wakati huo hakuna aliyetaja jina la ugonjwa. Watu walisema amerogwa na mtu wa kazini. Nyongesa alikuwa na miaka tisa. Sasa alikuwa na hamsini na nne, na kitanda kilikuwa pembe ile ile.

Alikaa mezani na daftari. Alipotazama mkono wake ukishika kalamu aliona mifupa ambayo hakuwa ameijua.

Rasimu ya kwanza ilisema "homa kidogo". Akaisoma akaona aibu. Homa kidogo haichelewishi nguo. Na mteja akisikia homa kidogo atakuja Jumamosi na wasichana sita, wajae chumbani, wavue, wavae, wapumue hewa yake. Rasimu ya pili ilitaja ugonjwa kwa jina. Alipoliona limeandikwa kwa mwandiko wake, aliliziba kwa kiganja. Aliwaza katibu akilisoma mbele ya kamati baada ya ibada, watu wakigeuziana macho, na mwisho wa mwezi hakuna atakayemkabidhi hata suruali ya kupunguza. Akaipasua. Barua ya tatu ndiyo aliyoituma.

"Kwa Mwalimu, Mama Jepleting,

Salamu kwako na kwa jamaa yote. Ninaandika kukuarifu kwamba nguo za harusi hazitakuwa tayari tarehe 29 Novemba kama tulivyokubaliana. Nimeugua kifua. Nimeanza matibabu, na daktari amenizuia kukaa na watu kwa wiki mbili. Kosa si la vitambaa wala la vipimo vyenu. Ninaomba radhi.

Hali ya kazi ni hii: magauni yote manane yamekatwa. Mawili yameshonwa. Sita yaliyobaki nitayashona nyumbani kwangu Bondeni, moja kwa siku mbili.

Wasichana wasije tarehe 22. Waje kujaribisha Jumatatu tarehe 1 Desemba. Nguo zote utazichukua Jumatano tarehe 3 Desemba, saa nne asubuhi. Tarehe hii haitabadilika. Ukiona ni heri umpe fundi mwingine, nitakukabidhi kila kitu pamoja na vipimo, na sitakuwa na kinyongo.

Wako,
W. Nyongesa, fundi."

Alikaa akiitazama ile sentensi, tarehe hii haitabadilika. Ni nani aliyempa ruhusa ya kuiandika? Usiku uliotangulia alikuwa amelowesha shuka mbili kwa jasho. Akapiga picha kwa simu, akaituma, na barua yenyewe ikaenda na gari la vifurushi.

Kwenye simu alama zikageuka buluu. Mwalimu alikuwa ameisoma. Hakujibu.

Jumatano hakujibu. Alhamisi hakujibu. Asubuhi Nyongesa alimeza vidonge vyake, akaenda msalani, akaona mkojo mwekundu kama chai ya rangi, akadhani ni damu, mpaka alipokumbuka kwamba daktari alimwonya: ni dawa. Akashona. Satini ni kitambaa kisicho na huruma. Inateleza, na sindano ikikosea inaacha tundu lisiloziba. Ilimlazimu kuipiga bandi, ile mishono mirefu ya muda, kwa mkono kwanza, kisha mashine, na kila alipohisi kikohozi kinapanda aliinua mguu kwenye kanyagio, akageukia dirishani na kungoja kipite. Wakati mwingine kilichukua dakika tano. Alizihesabu, akaziondoa kwenye siku zake mbili. Simu ilipolia aliidaka akidhani ni mwalimu. Ilikuwa Linah, akisema amepimwa na hana, na kwamba kiti chenye mto sasa ni chake kihalali.

Ijumaa, saa tano, kivuli kilisimama dirishani.

"Fundi."

Alikuwa Mama Jepleting, peke yake, leso shingoni, mkoba mkubwa begani. Mkoba ulikuwa mtupu. Nyongesa aliuona huo utupu kabla ya kuuona uso wa mwalimu, akajua amefuata vitambaa.

"Usiingie, mwalimu. Tafadhali. Kaa hapo hapo."

"Sikuwa na nia ya kuingia." Alirudi nyuma hatua moja. "Kifua gani?"

Sauti ya darasani. Haikumwachia mahali pa kujificha.

"TB," alisema. "Leo ni siku ya tano ya dawa."

Mwalimu alikaza leso shingoni. Huko barabarani mchuuzi alikuwa akiita wanunuzi wa nyanya.

"Kamati ilikaa jana jioni," alisema hatimaye. "Katibu alisoma. Wakasema kifua ni TB, hakuna kingine. Mama mkwe akasema gauni lake lisishonwe hapa. Wakanituma nichukue vitambaa vyote."

"Ni haki yenu." Nyongesa alisikia sauti yake ikitoka nyembamba. "Lakini haiendi na nguo, mwalimu. Inaenda na pumzi. Uliza kliniki yoyote, hata ya kwenu Olenguruone."

"Nimeuliza. Nilipita asubuhi kabla ya kushuka huku. Muuguzi alisema hivyo hivyo." Alinyosha shingo kutazama ndani. "Nionyeshe."

Magauni matatu yalikuwa yamening'inia ukutani, la nne lilikuwa kwenye mashine. Nyongesa alifunga kitambaa mdomoni, akalichukua moja, akalitoa dirishani kwa ncha ya fimbo ya pazia. Mwalimu akalipokea. Akaligeuza ndani nje, akapitisha kidole kwenye mshono wa ubavu, taratibu, kama anayesahihisha daftari la mtoto anayemshuku. Akaivuta zipu juu, akaishusha.

"Mbona hukunidanganya?" aliuliza bila kuinua macho. "Mafundi wote wananidanganya. Stima, msiba wa shangazi, mashine. Shangazi wa fundi mmoja amekufa mara tatu."

"Ningekudanganya, wasichana wangekuja kesho."

Mwalimu akalikunja gauni mkononi. Kisha akafanya jambo ambalo Nyongesa hakulitarajia, alitazama chini.

"Na mimi nilikudanganya. Harusi si tarehe sita. Ni tarehe kumi na tatu."

"Sijaelewa."

"Kila mtu humpa fundi tarehe ya uongo, ili akichelewa wiki, isiharibike kitu. Hata dada yangu alifanya hivyo. Ndiyo njia yetu." Akameza mate. "Niliposoma umehesabu siku, moja kwa siku mbili, na wewe mgonjwa... Sikujua nijibu nini. Siku tatu sikulala vizuri. Kamati haijui nimekuja kukwambia hivi."

Nyongesa alikaa kitini. Hasira ilipanda, ikafika kifuani, ikakuta hakuna nguvu za kuibeba. Siku tatu alizoshona kwa homa, akigeukia dirisha, akihesabu dakika za kikohozi!

"Basi lala, fundi," mwalimu alisema. "Vitambaa vibaki. Mama mkwe nitaongea naye, na akikataa, gauni lake nitavaa mimi. Tuandike tarehe kumi. Una wiki nzima zaidi. Pumzika."

Lilikuwa jambo jema, na lilimtisha kuliko mkoba mtupu. Tarehe kumi. Aliona kitanda pembeni, alijiona amelala hapo kesho na kesho kutwa bila kitu cha kumwinua, akisikiliza pumzi yake. Baba yake naye aliambiwa apumzike.

"Hapana, mwalimu."

"Hapana nini?"

"Tarehe tatu, saa nne. Niliandika haitabadilika." Akasita, akatafuta namna ya kulisema mbele ya mwanamke asiyemjua vizuri. "Asubuhi naamka kwa sababu ya hiyo tarehe. Ukiisogeza, sijui nitaamka kwa sababu gani."

Safari hii mwalimu hakumtazama kama mtoto wa darasani. Alilirudisha gauni kwenye fimbo, polepole, lisiguse ukuta.

"Wasichana tarehe moja, basi. Niwalete wote?"

"Watatu watatu. Watajaribisha hapa uani, kwenye hewa. Linah atawachomekea pini, mimi nitasimama mbali."

"Na vidonge?"

"Kila asubuhi."

"Nitakupigia saa moja kila asubuhi kuuliza. Usiniambie stima imepotea."

Aliondoka na mkoba wake mtupu. Nyongesa alibaki akisikiliza viatu vyake mpaka vikapotea kwenye kelele za mtaa. Bado alikuwa anaogopa. Aliogopa usiku uliokuwa ukija na shuka zitakazolowa. Alitafuta tundu la sindano kwa uzi. Alikosa mara mbili. Mara ya tatu uzi ukapita, naye akavuta gauni la nne, upande wa kushoto, na kuweka mguu kwenye kanyagio.