Ukuta Unaotema Mawe

Domnic Lobo hawezi kupita ukuta bila kuugusa. Ana miaka sabini na mmoja na magoti yake yamechoka, lakini mkono wake haujastaafu. Akiwa njiani kwenda kanisani hugusa ukuta, akishuka kituoni hugusa ukuta, na watoto anaopanda nao lifti katika jengo lake pale Weston, Toronto, humwigiza wakicheka. Mwache aguse. Amekula miaka arobaini kwa mawe na waya, na mwenye kazi yake haachi kuitazama.

Kazi hiyo aliianzia milimani Lushoto, barabara inayopanda kutoka Mombo, ambako kila masika kilima hutaka kushuka kulala barabarani. Domnic, kijana wa Kigoa wa Tanga mjini, aliajiriwa kupasua mawe akaishia kuwa nyapara wa gabioni. Gabioni ni sanduku kubwa la matundu ya waya: unalipanga, unalijaza mawe, unalifunga kifuniko kwa waya, kisha unapandisha jingine juu yake, kila safu ikirudi nyuma kidogo kuegemea kilima. Halina saruji. Maji hupita katikati ya mawe na kilima hubaki nyuma. Alipohamia Toronto kontrakta mmoja alimchukua siku ileile, kwa kuwa Domnic alikuwa anafunga sanduku moja wakati wenzake bado wanatafuta koleo.

Ukuta ulio nyuma ya jengo analoishi ni wa mkono wake. Watu wa kanisani walimwambia Mungu ana utani, kumstaafisha mtu na kumpangisha juu ya kazi yake mwenyewe. Juu ya ukuta ni maegesho ya magari. Chini ni njia ya miguu iendayo mto Humber, na benchi moja lililoegemezwa kwenye mawe. Domnic alicheka nao. Hakuwaambia habari ya Ijumaa ile ya Novemba, miaka ishirini na minne iliyopita.

Ijumaa hiyo mawe yaliisha. Matundu ya waya ule yana upana wa sentimita nane kwa kumi, kwa hiyo jiwe lazima liwe kubwa kuliko tundu: kuanzia sentimita kumi hadi ishirini, gumu, lisilomeguka kwa barafu. Lori likaleta kokoto nene za ukubwa wa limau, zilizokuwa zinakwenda kazi nyingine. Bosi wake, Lloyd, akatazama saa, akasema, "Makubwa weka usoni, haya weka tumboni. Nani atafungua tumbo?" Domnic alijua jibu. Alijua kwamba mawe madogo hayashikani, hukaa, huteleza, hutafuta mlango. Akainamisha kichwa akajaza. Safu ya chini, masanduku matatu, katikati kabisa. Kisha akaenda nyumbani akala chakula chake.

Waya nao ulikuwa wa zinki tupu, haukuvikwa plastiki. Siku hizo haikuwa kosa, maana hapo juu palikuwa na nyasi. Maegesho yalikuja baadaye, na maegesho ya Toronto humwagiwa chumvi kuanzia Desemba hadi Machi. Theluji ikiyeyuka, maji ya chumvi hushuka ndani ya ukuta. Waya wa zinki mahali pakavu pasipo chumvi unaweza kukuzika wewe uliyeufunga. Ukiunywesha chumvi kila mwaka, zinki huisha, kutu huanza, na kutu haina likizo.

Machi mwaka huu Domnic alianza kuusikia ukuta.

Ilikuwa asubuhi, jua limeanza kugusa mawe. *Tik.* Akasimama. Kimya kirefu, kisha *tik* tena, ndani kabisa, kama kucha inayogonga bilauri. Akaweka kiganja juu ya waya na pumzi baridi ikamjia mkononi kutoka kati ya mawe. Anajua, na wewe sasa ujue, kwamba rundo la mawe hupitisha hewa: majira ya baridi hutoa uvuguvugu juu, na siku za joto hutoa ubaridi chini. Alilijua hilo tangu Lushoto. Hata hivyo nywele za mikono zilimsimama, akaondoa kiganja upesi na kujipangusa kwenye koti.

Akainama kutazama mguu wa ukuta. Palikuwa pasafi. Hapakuwa na jiwe hata moja chini, na hilo lilimtuliza. Waya wa kusokotwa mara mbili hauachi kazi ghafla: ukikatika uzi mmoja, msokoto huushika, nguo haifumuki. Ukuta wa namna hii hutoa taarifa miaka kabla ya kuanguka, na taarifa yenyewe ni mawe yaliyodondoka mguuni. Mkaguzi wa menejimenti ya jengo hupita kila Mei, hupiga picha ya mguu huo msafi, huenda zake.

"Unatafuta nini, Bwana Domnic?"

Alikuwa Sughrabai, mjane wa Kikhoja wa ghorofa ya nne, mtu wa Tanga kama yeye. Hukaa kwenye benchi lile kila asubuhi baada ya sala na chai, shali kichwani, mgongo kwenye ukuta.

"Hakuna kitu, Sughrabai. Nasikiliza."

Uso wa bibi ukabadilika. Akatazama huku na huku kama mtu anayetaka kutoa siri ya harusi. "Kumbe na wewe unasikia," akasema. "Basi njoo kwangu. Nina kitu sijamwonyesha mtu, hata wanangu. Wanangu wataniambia, *Mummy, see a doctor.*"

Akamfuata. Sebuleni palinukia udi na hiliki. Sughrabai akavuta pazia la roshani.

Mawe. Yamepangwa sakafuni safu kwa safu, yameoshwa, yanang'aa, mengine ndani ya makopo ya biskuti, mengine ndani ya magunia ya basmati yaliyosimamishwa ukutani. Yote ya ukubwa wa limau. Hakuna lililozidi wala kupungua.

"Mia nne na kumi na sita," Sughrabai alisema kwa sauti ya chini. "Miaka miwili. Alianza kuniletea wiki ya tatu baada ya kumzika."

"Nani?"

"Ramzanali. Nani mwingine?" Akaketi, akatabasamu kama msichana. "Tulipokuwa vijana Tanga, baba yangu alikuwa mkali, hakuna kuonana. Ramzanali alikuwa anasimama uchochoroni anarusha kijiwe dirishani. Kijiwe kikigonga, maana yake, Sughra, toka. Mimi natoka. Sasa nikaenda kukaa pale benchini nalia, nikaona kijiwe kimelala karibu na kiatu changu. Kesho yake kingine, mahali palepale. Huwa nakiokota kabla watu hawajapita, wasije wakakipiga teke. Na pumzi yake naisikia shingoni, Bwana Domnic. Wallahi naisikia."

Domnic akaokota jiwe moja. Upande mmoja ulikuwa na alama nyembamba ya kutu, mstari uliochorwa na waya. Lilikuwa lake, la Ijumaa ile. Miaka miwili ukuta umekuwa ukitoa taarifa, kila usiku wa baridi barafu ikisukuma, kila asubuhi jiwe likiteleza kwenye tundu lilelile lililokatika, na kila asubuhi mwanamke huyu amekuja kuifagia taarifa hiyo kwa mapenzi na kuipandisha ghorofa ya nne. Hesabu ikaja yenyewe kichwani: mawe mia nne yaliyotoka huacha pengo ndani, karibu magunia mawili ya mchele. Kilichobaki kimeshuka, pengo limepanda hadi chini ya safu ya pili, na safu ya pili imeshika hewa. Mbele yake, ngozi ya mawe makubwa na waya uliooza. Mbele ya ngozi hiyo, shali la Sughrabai.

Angeweza kunyamaza akaandika barua isiyo na jina. Nitamsema kwa haki: alifikiria hivyo. Alimaliza kikombe kizima cha chai alichomiminiwa na bibi akifikiria hivyo.

"Sughrabai," akasema mwishowe, "mawe haya niliyaweka mimi."

Akamweleza yote: lori, Lloyd, tumbo la ukuta, chumvi, tundu. Akamweleza na habari ya pumzi, kwamba ni hewa tu inayopita kati ya mawe, ingawa hilo hakulazimika kulisema. Bibi hakulia. Alitazama roshani yake kwa muda mrefu.

"Kwa hiyo kama ningeendelea kukaa pale?"

"Ungezikwa, dada yangu."

Akasema polepole, "Toka. Miaka miwili mtu ananiambia toka, toka, na mimi nasikia njoo."

Ubaridi ulimpanda Domnic kutoka miguuni, na hadi leo anaapa dirisha lilikuwa limefungwa.

Msimamizi wa jengo, Jemimah, Mkenya mwenye funguo nyingi kuliko subira, alisema mkaguzi atakuja Mei. "Mzee, picha ninazo, huko chini ni safi kabisa."

"Ni safi kwa sababu kuna mtu anayesafisha. Njoo uone mawe yalipo."

"Na wewe umejuaje yametoka ndani?"

"Niliujaza mimi huo ukuta. Niliujaza vibaya. Andika jina langu: Domnic Lobo."

Jemimah alipanda ghorofa ya nne, akaona, akashika mdomo. Kufikia saa sita njia ilikuwa imezungushiwa uzio na magari yamehamishwa. Siku ya tatu, saa moja na nusu asubuhi, saa ya Sughrabai kabisa, jua likagusa mawe na watu wa ghorofa za chini wakasikia kama lori linamwaga mawe. Tumbo la sanduku la katikati lilikuwa limefunguka. Benchi halikuonekana. Sughrabai aliyatazama kutoka dirishani, mkono shingoni.

Ukuta ulijengwa upya majira ya kiangazi. Wahandisi walimhoji Domnic mara mbili, kisha, kwa kustaajabu kwake, wakamwomba asimame pale kama mshauri bila malipo. Alikuja na kipande cha mbao chenye tundu la sentimita kumi. Jiwe lililopita tunduni alilirudisha kwenye lori, na madereva walimlaani kwa lugha sita. Waya safari hii ulikuwa na zinki iliyochanganywa na alumini, na juu yake koti la plastiki. Ndani walifunga nyaya za kushikilia uso na mgongo wa sanduku, usitoe kitambi. Mawe ya usoni aliyapanga kwa mkono wake, akipiga magoti aliyokatazwa na daktari kupiga.

Oktoba waliweka benchi jipya. Domnic alimkuta Sughrabai amekaa pale, shali kichwani, asubuhi ya baridi ya kwanza. Chini ya viatu vyake palikuwa pasafi. Alikaa kando yake, wakasikiliza pamoja. Treni ilipita mbali, ikaisha. Ukuta haukutoa hata *tik*.

Bibi alinyoosha mkono akalipapasa jiwe moja kubwa kupitia waya. Halikutikisika.

"Umejenga vizuri, Bwana Domnic," alisema. "Hausemi kitu."