Muuguzi Apolonia na Mwezi wa Kabula

Apolonia ameuguza watu wa Sapiwi muda mrefu, hata wanawake wanaomzidi umri humwita mayu, yaani mama. Siku ya uchunguzi wa kansa huanza na titi. Amelishona mwenyewe kwa kitambaa, akalijaza pamba ya shambani kwake, na ndani akaficha karanga moja.

"Hili halina maziwa," alisema bibi Minza akilibonyeza.

"Linamsubiri bwana," Apolonia akajibu.

Wanawake walipocheka, vidole vikaanza kuitafuta ile karanga, mfano wa uvimbe. Akawaambia uvimbe wa hatari mara nyingi hauna maumivu, hivyo wasingoje uchungu ndipo waje.

Kisha wakaingia mmoja mmoja nyuma ya pazia. Kabula, mama wa watoto watano aliyeolewa angali binti mdogo, alipimwa VVU asubuhi ile, hakuwa navyo. Apolonia akapaka siki ya kupimia kwenye mlango wa kizazi, akasubiri dakika moja. Pakatokea doa jeupe.

"Ni kansa?"

"Hapana. Ni mabadiliko. Tukiyaacha, baada ya miaka yanaweza kuwa kansa. Leo tunayachoma kwa kifaa cha joto, dakika chache tu. Utatokwa na majimaji, na hutalala na mume mwezi mzima."

Kifaa kilikuwa cha kuazima, jioni kingerudishwa Bariadi. Kabula akashuka kitandani, akafunga kanga.

"Mume wangu Shija akisikia ugonjwa wa huko, atauliza nimelala na nani."

Apolonia hakumshika mkono. Akavuta kiti. "Mimi simwambii mtu neno bila ruhusa yako. Unataka nifanyeje?"

Kabula akakaza fundo la kanga. "Mwite. Lakini niwepo."

Shija, aliyemleta mkewe kwa pikipiki, akaingia kofia mkononi.

"Mwangaluka, mayu."

"Mwangaluka, baba." Apolonia akamweleza, naye akauliza alilotegemewa kuuliza.

"Nani kauleta ugonjwa huu?"

"Hakuna kipimo cha kujua. Mabadiliko haya huletwa na kirusi kinachowapata watu wengi waliowahi kujamiiana. Mara nyingi mwili hukifukuza wenyewe. Kisipotoka, hukaa kimya miaka. Huenda kiliingia kabla hamjajuana."

"Na mwezi mzima?"

"Mwezi. Ukishindwa kabisa, kondomu."

Shija akakuna kidevu. Kabula akamgeukia.

"Ng'ombe wako alipochomwa sindano, maziwa yake uliyaacha siku ulizoambiwa. Hukumuuliza ugonjwa kautoa wapi."

Shija akaguna, kisha akacheka kidogo. "Yule hakunijibu hivi." Akafungua pazia atoke. "Mtibu, mayu."

Kabula akapanda tena kitandani. Joto lilipopita alikunja uso tu, kama mwenye tumbo la hedhi. Apolonia akamwambia arudi mwakani kupimwa tena, na aje mapema zaidi akitokwa damu nyingi, homa au harufu mbaya.

Walipotoka walimkuta Shija kwenye benchi, titi la pamba mapajani, kidole gumba kimesimama mahali pamoja, penye karanga. Bibi Minza alikuwa amemwachia.

"Mama yangu ana kitu kama hiki, kwapani," akamwambia Apolonia. "Anasema hakiumi."

"Mlete kesho," alisema Apolonia. "Asubuhi."