Kibiriti na Kisanduku Kilichojazwa

Walimu wenzake walimwita Kibiriti, na hakuna aliyehitaji kuuliza kwa nini. Alikuwa mwalimu wa sayansi, mwembamba, mwenye sauti iliyosikika darasa la tatu hata akiwa ofisini, na alikasirika upesi kama wengine wanavyopiga chafya. Kwao walikuwa wakimwambia hasira hizo zitamkosesha mume. Alipata mume mpole, fundi wa majokofu, ila mume huyo alikuja na dada. Na dada huyo ndiye aliyekuwa mwalimu mkuu wa shule ambayo Kibiriti alihamishiwa mwanzoni mwa mwaka.

"Nyumbani mimi ni wifi yako," dada mtu alimwambia siku ya kwanza. "Hapa ni Mwalimu Mkuu."

"Hewala, Mwalimu Mkuu."

Kazi ya kwanza aliyopewa ilikuwa kuandaa ramani ya mtaala wa sayansi, darasa la tano. Mtaala mpya ulikuwa umeorodhesha kila jambo ambalo mtoto anapaswa kuliweza. Ramani ilitakiwa kuonyesha kila moja litafundishwa katika kitengo gani, muhula gani, na litapimwaje. Wengi huifanya jioni moja kwa kunakili ya shule jirani na kubadilisha jina juu. Kibiriti aliunganisha karatasi kwa gundi mpaka zikafunika meza ya kulia chakula, na kwa siku kadhaa mumewe alikula ubwabwa wake sahani ikiwa magotini.

Hakubabaisha. Mtaala ukisema mtoto "aeleze", aliandika mtihani wa kuandika. Ukisema "atumie kipimajoto", aliandika kwamba mwalimu atamwangalia akikitumia, na akaweka vigezo: nani ameweza peke yake, nani kwa kusaidiwa, nani bado. Somo la vipimo alilipandisha muhula wa kwanza, kwa sababu vitengo vya joto na udongo vya muhula wa pili vilikuwa vinalitegemea.

Akafika kwenye mstari mmoja akakwama. Mtoto aweze kupanga na kufanya uchunguzi, akibadilisha kitu kimoja na kuviacha vingine vyote kama vilivyo. Alipekua maandalio ya masomo ya miaka iliyopita. Hakuna kitengo. Vipindi ambavyo kazi hiyo ingefanyika vilikuwa vimemezwa na mazoezi ya mtihani ya kila Ijumaa. Basi akakiacha kisanduku cha kitengo kitupu, na cha upimaji kitupu, na pembeni akaandika: *Haufundishwi. Tunahitaji vipindi sita.* Akaipeleka kwa wifi yake.

Wiki ya mkaguzi wa shule ilipofika, Kibiriti aliiona ramani yake mezani katika chumba cha walimu, imechapwa upya na kutiwa rangi. Vile visanduku vilikuwa vimejaa. *Kitengo cha nne. Jaribio la kuandika: taja hatua za uchunguzi.* Chini, jina lake: mwandaaji.

Mkaguzi, mzee mtaratibu mwenye miwani, aliisifu. Kisha akaweka kidole kwenye mstari uleule. "Huu nimeupenda, wengi huuruka. Ila jaribio la kutaja hatua halionyeshi kwamba mtoto anaweza kuchunguza. Nitarudi mwezi ujao, mnionyeshe kazi za watoto wenyewe."

Mwalimu Mkuu alitabasamu. Kibiriti alikuwa ameuma midomo. Hakumkatiza mgeni, lakini mlango wa ofisi ulipofungwa, alilipuka.

"Nani amekupa ruhusa ya kuandika uongo juu ya jina langu?"

"Punguza sauti."

"Sipunguzi! Nilikuachia wazi ili uone pengo. Wewe ukaliziba kwa wino!"

"Unajua shule yenye mapengo inaandikwaje kwenye ripoti?" Mwalimu Mkuu naye alikuwa amesimama. "Nusu ya walimu wangu hawaji kazini, nina wazazi wanaotaka alama tu. Sasa sikiliza. Kitengo cha nne tumeshakipita. Watoto waandike ripoti za uchunguzi, wewe uwape mfano ubaoni, waweke tarehe za muhula uliopita. Basi."

Kibiriti alimsogelea. "Unataka niwafundishe watoto kughushi. Katika somo la uchunguzi. Yaani hilo ndilo watakalolichunguza."

"Nakuagiza kama mkuu wako."

"Niandikie barua basi. Useme humo humo unachoniagiza."

Barua haikuandikwa. Badala yake alivuliwa kazi ya mtaala wa sayansi, akapewa zamu ya kusimamia usafi wa vyoo. Nyumbani mumewe alijaribu kumtuliza. "Mke wangu, ni kisanduku tu. Yule ni dada yangu, unaniweka katikati."

"Hujawekwa katikati," alimjibu. "Umejikalisha mwenyewe. Ukiambiwa uandike kwamba jokofu umelitengeneza na hujalifungua hata skrubu, utaandika?"

Jumapili iliyofuata mume alimwalika dada yake, naye akaja na bintiye kitinda mimba, aliyekuwa darasa la sita, baada ya kumaliza la tano shuleni hapohapo mwaka uliotangulia. Baada ya kula Kibiriti akamwita mtoto uani, ambako alikuwa ameweka makopo mawili yaliyotobolewa chini, moja la mchanga, jingine la udongo wa mfinyanzi.

"Mwanangu, nataka kujua upi unashika maji zaidi. Nifanyie."

"Usimtumie mtoto wangu," Mwalimu Mkuu alisema kutoka mlangoni.

"Simtumii. Namuuliza."

Mtoto, ambaye ripoti yake yenye alama nzuri za sayansi ilikuwa imebandikwa kwenye ukuta wa sebule yao, alichota kikombe kizima akamimina kwenye mchanga. Kwenye mfinyanzi akamimina kidogo, maana maji hayakuwa yakizama upesi. Akatazama matone. "Mchanga umetoa mengi."

"Maji uliyomimina yalikuwa sawasawa?"

"Hapana." Akafikiri. "Yanatakiwa kuwa sawa?" Halafu, akiona nyuso za wakubwa zimebadilika, akaharakisha: "Lakini hatua zote nazijua, Anti. Nizitaje?" Akazitaja, moja baada ya nyingine, bila kukosea.

Mwalimu Mkuu alimchukua bintiye wakaondoka bila kuaga.

Mkaguzi aliporudi, ni Mwalimu Mkuu mwenyewe aliyemwambia kwamba mstari ule haukuwa umefundishwa. Alisema kwa sauti kavu, akiangalia dirisha. Ramani ikasahihishwa: kitengo kipya muhula wa tatu, vipindi vinne vilivyokatwa kutoka mazoezi ya Ijumaa, na upimaji wa mwalimu kumwangalia mtoto akifanya. Ripoti ya shule ilitiwa doa, na maofisa wa juu waliuliza maswali.

"Nilisema sita," Kibiriti alisema alipokabidhiwa ramani hiyo.

"Nimekupa vinne. Na usinizungumzishe leo."

Hakumzungumzisha. Siku ya kwanza ya kitengo alimwaga makopo, mchanga na maji juu ya madawati, watoto wakabishana mpaka darasa la jirani likalalamika. Wiki ya pili, kijana mmoja mtundu alimpigia mwenzake kelele: "Umebadilisha vitu viwili, hiyo haihesabiki!" Kibiriti aliandika jina la huyo mpiga kelele katika safu ya walioweza peke yao.

Kisha akainua macho akaona darasa la sita wakipita nje kwenda kwenye mtihani wa majaribio, wamejipanga vizuri, kila mmoja na alama zake nzuri. Hao walikuwa wamepita darasa la tano bila kitengo hicho, na hakuna aliyewarudishia chochote. Hasira ikampanda upya, akaenda kugonga mlango wa ofisi kuwadaia vipindi viwili vilivyobaki kwenye vile sita.