Mikunjo ya Kulipita Jengo la Carlton

Mwalimu Puseletso Lehana alikuwa mwanamke mwenye kilema kimoja, na nakitaja mapema ili asije mtu akasema nilimfichia: akifurahi, mkono wa chaki hukimbia kuliko kichwa. Shule nzima ilijua. Soweto yote ya upande wa Orlando ilijua, maana wanafunzi wana midomo.

Lakini wiki ile furaha haikuwepo. Kila mwaka, muhula wa pili ukishika kasi, darasa la kumi na moja huanza kuikimbia Hisabati na kuhamia Hesabu za Maisha, somo la bili za umeme na ramani za mabasi. Anayelifundisha ni Mwalimu Ngcongo, mtu wa kucheka hata kwenye matanga. Husimama mlangoni kwake akiita, "Njooni wanangu! Huku kwangu halii mtu!" Nao wanakwenda. Safari hii mkuu wa shule alikuwa amesema bila kupepesa macho: Ijumaa saa sita mchana, wakibaki chini ya kumi na tano, Hisabati ya darasa hilo inafungwa, na Puseletso atahamishiwa kwa Ngcongo awe msaidizi wake. Msaidizi! Baada ya miaka kumi na mitano ya vipeo na grafu! Aliposikia, chai ilimpalia.

Kinara wa wahamaji alikuwa Boitshepo, msichana mwenye mdomo kama cherehani. Alikuwa amefeli jaribio la mwisho, na hakutaka kufeli peke yake.

Alhamisi asubuhi Puseletso aliingia darasani amekumbatia rimu ya karatasi. Akachomoa karatasi moja, akaipunga juu.

"Nikiikunja hii katikati, kisha tena katikati, kisha tena, nikunje mara ngapi ili unene wake ulipite jengo la Carlton pale mjini?"

"Milioni!" alipiga kelele Mduduzi, golikipa wa shule, mikono kama sepetu.

"Mpaka Yesu arudi, Mwalimu," alisema Boitshepo.

"Ni pungufu ya idadi yenu mliomo humu."

Ee bwana, kelele zilizopigwa! Walikuwa thelathini na mmoja tu, na mmoja alikuwa amelala. Wakagonga madawati, wakamzomea kwa mapenzi. Boitshepo akasimama juu ya kiti.

"Tuwekeane! Utaje namba yenyewe, siyo kupapasapapasa. Ndogo kuliko zote inayolipita jengo. Ukikosea, kesho sote tunahamia kwa Mwalimu Ngcongo, na unatusindikiza wewe mwenyewe, ukiimba!"

"Na nikipatia?"

"Tunabaki hadi mtihani wa mwisho. Hata huyu aliyelala."

Puseletso akakubali. Hapo alikuwa ameweka rehani darasa lake lote.

Kwanza akampa Mduduzi karatasi aikunje. Mkunjo wa kwanza, wa pili, wa tatu, rahisi. Wa sita, akaanza kukunja na uso. Wa saba aliukalia, akaurukia, wenzake wakimhesabia kama bondia aliyeanguka.

"Imekataa, Mwalimu!"

"Mikono yako ndiyo imekataa. Hesabu haichoki, twende nayo ubaoni."

Akasimamisha rimu juu ya meza, akaipima kwa rula mbele yao: karatasi mia tano, sentimita tano. Kwa hiyo karatasi moja ni sehemu ya kumi ya milimita. Kila mkunjo unaongeza unene mara mbili: mbili, nne, nane, kumi na sita. Na Carlton ni mita mia mbili ishirini na tatu.

"Gawanyeni. Ni unene wa karatasi ngapi?"

"Milioni mbili, laki mbili na elfu thelathini!"

"Sasa mbili tuizidishe yenyewe mara ngapi ili tufike huko? Kipeo hatukijui, kimekaa juu kinatuchekea. Tunakiteremshaje?"

Ndipo akawaonyesha logi, ambayo ilikuwa bado mwaka mzima mbele yao. Ukipiga logi pande zote mbili, kipeo kinashuka chini na kusimama kando ya logi ya mbili, kinazidishwa kama namba yoyote ya mtaani. Vikokotozi vikalia. Logi ya ile namba kubwa, sita nukta tatu nne nane tatu. Logi ya mbili, sifuri nukta tatu sifuri moja sifuri. Gawanya ya kwanza kwa ya pili.

"Ishirini na moja nukta sifuri tisa!" walipaza sauti.

Basi furaha ikampanda mwanamke yule. Mkono ukakimbia. Akaandika 21, akaizungushia duara mara mbili, akatupa chaki hewani na kuidaka. "Ishirini na moja! Kaeni chini, wanangu, hamwendi kokote!" Darasa likalipuka, waliokuwa wanahama wakijikuta wanashangilia kufungwa kwao. Hata Mwalimu Ngcongo akaja kuchungulia dirishani.

"Mwalimu, subiri."

Boitshepo alikuwa ameinamia kikokotozi, akibonyeza mbili mara mbili, mara mbili, midomo ikihesabu.

"Mikunjo ishirini na moja inatoa karatasi milioni mbili, elfu tisini na saba, mia moja hamsini na mbili. Hiyo ni mita mia mbili na tisa na kitu." Akainua macho. "Mwalimu, hatujafika paani. Bado mita kumi na tatu."

Puseletso akageukia ubao. Nukta sifuri tisa! Alikuwa ameitupa kwa mazoea, kama anavyowafundisha kila siku kukadiria kwa namba iliyo karibu. Lakini hapa ishirini na moja haitoshi, na hakuna kipande cha mkunjo. Kilichobaki, hata kiwe kidogo namna gani, kinadai mkunjo mzima. Ishirini na mbili, na hapo unafika mita mia nne na kumi na tisa, jengo umeliacha mbali.

Angeweza kufuta haraka akajitia alikuwa anawapima. Wengi tungefanya hivyo, tusidanganyane.

"Umenishika," alisema. "Ni ishirini na mbili. Nimekosea, umeshinda."

Wakambeba Boitshepo juu juu. Wakaimba, wakapiga miluzi, Mduduzi akamzungusha hadi kiatu kikaruka.

"Kesho napanga viti!" Ngcongo aliita dirishani.

Boitshepo, angali juu ya mabega, akamgeukia. "Mwalimu, kwako hiyo nukta sifuri tisa mnaifanyaje?"

"Tunaitupa, mwanangu! Ya nini kuumiza kichwa?"

Msichana akageuza macho kwenye ile 21 ubaoni.

Ijumaa, saa sita ikikaribia, Puseletso alikwenda kulipa deni. Alikuwa amelia usiku, nao uso ulisema. Akasimama mlangoni mwa darasa lake, akawapa wanafunzi mgongo kwa aibu, akaanza kuimba wimbo wa kanisani na kutangulia. Hatua chache mbele akagundua anaimba peke yake. Akarudi kuchungulia.

Watano walikuwa wamekwisha kwenda kwa Ngcongo. Waliobaki, ishirini na sita, walikuwa wamerundikana kwenye dawati moja wakigombana.

"Ishirini na tano!" alifoka Mduduzi.

"Sita, we mbishi! Ishirini na sita!" Boitshepo akamwona. "Mwalimu, njoo. Tumechukua mlima Thabana Ntlenyana, mita elfu tatu mia nne themanini na mbili. Imetoka ishirini na tano nukta sifuri tano. Mwambie huyu."

"Si mmeshinda? Mwalimu Ngcongo anawasubiri."

"Tukienda, wewe nani atakukagua?"

Puseletso alicheka hadi akakaa juu ya kasha la chaki. Kule upande wa pili, Ngcongo alisikika akirudisha viti stoo, naye anacheka. Kisha Puseletso akasimama, akaandika ubaoni 25.05. Mkono ukataka kukimbia. Akaushika kwa mkono wa pili, akauambia ungoje kichwa.