Mama Kit Kumi na Tatu

Gari la mgavi wa Nakivubo liliingia kliniki ya wazazi ya Lubaga injini ikinguruma, na dereva Rajab hakuizima. Aliiweka karatasi ya dilivari ya mama kit, pakiti za vifaa vya kujifungulia, juu ya boneti moto, akampa Aryemo kalamu.

"Saini hapa, Mama Atoo. Maboksi ishirini, mama kit kumi kila boksi. Foleni inanisubiri mjini."

Aryemo, mtunza stoo ambaye wengi walimwita Mama Atoo, aliitazama kalamu na hasira ikampanda. Mwezi wa pili alisaini hivyo hivyo, boneti moto, injini ikinguruma. Alipofungua maboksi, glavu zilikuwa pungufu. Mgavi akatoa karatasi yake: imeandikwa zote zimefika salama, na saini ni yako. Barua ya onyo ikawa yake peke yake. Ya pili ingemtoa kazini.

"Shusha. Tunahesabu."

"Unahesabu kama unanunua nyanya," Rajab akacheka.

Boksi la tisa lilikuwa na tepu mbili za gundi, ya zamani na ya jana. Ndani mlikuwa na saba. La kumi na nne lilikuwa limelowa chini. Aryemo alitoa pakiti moja, maji yakamchuruzikia kiganjani. Wembe wa kukata kitovu, pamba, uzi, vyote vimelowa, na pakiti tisa zilizobaki vilevile.

"Zitakauka, nyabo," Rajab akasema, akimwita bibi kwa Kiganda.

"Mkeo akizaa, utamkatia mtoto kitovu na hii?"

Rajab alimpigia simu mkuu wa kliniki, Mzee Okwera, akampa Aryemo simu.

"Achia gari, binti yangu. Hao tunawajua, wataleta."

"Mzee, basi njoo usaini wewe."

"Andika ulichokiona," Okwera akasema.

Aryemo akafungua kitabu cha kupokea mali, nakala tatu. Zilizoagizwa: 200. Zilizofika: 197. Zilizokataliwa: 10, zimelowa. Zilizokubaliwa: 187. Maneno hayo hayo akayaandika kwenye karatasi ya dilivari, kisha akaandika barua fupi:

"Tumekubali mama kit 187 tu. Kumi zilizolowa zinarudi na gari hili. Tatu hazikuwamo kwenye boksi la tisa, lililofunguliwa mbele ya dereva. Tunaomba kumi na tatu nzima."

"Saini na wewe," alimwambia Rajab.

"Mimi naendesha tu."

"Na mimi natunza stoo tu. Saini."

Alisaini akiuma meno, akachukua nakala yake na boksi lililolowa. Aryemo hakumuaga.

Jumanne gari lilirudi na mama kit kumi na tatu. Lilipofika getini, Rajab alizima injini kabla hajaambiwa, akasalimia kwa heshima zote. Aryemo alivuta boksi, akaanza kuhesabu. Moja. Mbili. Salamu aliijibu alipofika kumi na tatu.